Na wakikuta hana?

Saa mbili na nusu asubuhi, barazani, mtoto amelala kifuani kwa bibi yake. Themomita inasoma 36.9.

"Si unaona mwenyewe, mwanangu," bibi akasema. "Homa imeshashuka."

Ilikuwa imeshuka kweli. Usiku uliotangulia mtoto alikuwa wa moto kiasi kwamba mama yake alilala ameshika kitambaa cha maji, na ule ulikuwa usiku wa tatu.

Nyumba hiyo iko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kule ambako jiji linaanza kuachia nafasi mihogo na minazi. Aliyeshika themomita ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa huo. Hakuitwa na familia. Alisikia kwa jirani, kwenye foleni ya maji, kwamba kuna mtoto analia usiku kucha. Yeye ndiye aliyenisimulia kisa hiki, na familia imeridhia kiandikwe bila majina.

Kimenikaa kichwani wiki kadhaa kwa sababu ya swali moja la bibi kuhusu kipimo cha malaria. Nitafika hapo.

Mkoba ukiwa umefungwa

Aliamkia, akapewa mkeka, akakaa. Aliuliza habari za nyumbani, za shamba, za mguu wa bibi unaomsumbua. Mkoba aliuweka nyuma yake ukiwa umefungwa. Lakini macho yalikuwa kazini tangu alipoketi, kwa sababu kuna jambo moja ambalo lazima lifanyike kabla mtoto hajaguswa: kuhesabu pumzi.

Mtoto akishikwa na mgeni hulia, na mtoto anayelia hupumua haraka, hesabu ikaharibika. Kwa hiyo alitazama tumbo likipanda na kushuka, dakika nzima, huku akiitikia mazungumzo. Wengine huhesabu nusu dakika kisha wakazidisha mara mbili. Pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja, na kosa dogo likizidishwa linakuwa kosa kubwa. Alipata 36. Mtoto huyu ana miaka miwili na miezi mitatu, na kwa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ndizo huhesabiwa kuwa za haraka. Kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja ni 50. Wala kifua hakikuwa kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa.

Kisha akamwomba mama ampe mtoto maji. Mtoto akanywa, tena akavuta kikombe. Akauliza kama anatapika kila anachopewa, kama amepata degedege, kama kuna wakati ameshindwa kuamka au kumtambua mama yake. Hapana, hapana, hapana.

Angepata "ndiyo" moja tu katika hayo, au angeona mtoto hawezi kunywa, mazungumzo yangekomea hapo. Hapo hakuna kubembelezana, ni kutafuta usafiri. Kwa kuwa hakupata, alijua ana muda wa kuzungumza, ila muda wenyewe ni wa saa, si wa siku. Malaria inayosumbua huku kwetu isipotibiwa inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja.

Kijiko cha alfajiri

Mama alikuwa amempa mtoto dawa ya maji ya kushusha homa saa kumi na moja alfajiri, kijiko kimoja cha chai. Ni ile parasetamo ya watoto, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto ana kilo 11. Kwa miligramu 15 kwa kila kilo alihitaji 165, yaani karibu mililita 7, kwa hiyo hata hicho kijiko kilikuwa pungufu kidogo. Kilitosha kushusha joto, na dawa hiyo hufanya kazi kwa saa nne hadi sita. Saa mbili na nusu bado ilikuwa mwilini.

Ndiyo maana mhudumu hakuandika 36.9 kwenye rejesta yake akaaga. Aliandika kwamba ana homa ya siku tatu. Kwa taratibu za kuhudumia watoto, homa ni ile unayoipima, unayoigusa, au unayosimuliwa na mama. Neno la mama lina uzito sawa na themomita.

Akamwambia bibi: "Homa haijaondoka, bibi. Imelazwa na dawa. Mchana itaamka."

Bibi hakujibu.

Kopo la kabatini

Swali lililofuata ndilo ambalo wengi hulikosea. Ukiuliza, "Mmempa dawa gani nyingine?" kwa sauti ya hakimu, utajibiwa hakuna. Yeye alisema, "Naomba mnionyeshe dawa zote zilizomo ndani, hata za wakubwa, nisije nikawaambia kitu kikagongana na mlichonacho."

Likaletwa kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na ganda la dawa mseto ya malaria lenye vidonge vitatu.

Habari yake ikatoka polepole. Mwezi uliopita kaka wa mtoto, mwenye miaka sita, alishikwa na homa. Baba alinunua dawa mseto dukani bila kupima, vidonge 12, viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu. Siku ya pili jioni kijana akawa anacheza mpira, vikabaki vinne. Safari hii bibi alichukua kimoja, akakikata, akamsagia mdogo nusu jana asubuhi na nusu jana usiku.

Kwa mtoto wa kilo 5 hadi zisizofika 15, dozi ni kidonge kimoja kizima kila mara, mara sita. Huyu alikuwa amepata nusu mara mbili. Kama ni malaria, kiasi hicho hupunguza vijidudu kwenye damu bila kuvimaliza: homa inalegea siku moja, familia inapumua, kisha inarudi. Kama si malaria, dawa haikufanya lolote, na siku tatu zimepita kwenye ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Ukikaa pale barazani huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo sababu tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila mgonjwa anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza.

Na kulikuwa na swali jingine, ambalo kwa wakazi wa Dar es Salaam ni la lazima.

"Mmesafiri hivi karibuni?"

Walisafiri. Walikwenda msibani Kibiti, mkoani Pwani, kwenye malaria nyingi kuliko jijini, wakalala usiku nne, wageni wengi, chandarua hakikutosha. Wamerudi siku kumi na moja zilizopita. Mhudumu akahesabu vidole. Tangu mbu aume hadi homa ianze, kwa kawaida hupita kama siku tisa hadi kumi na nne. Homa ya mtoto ilikuwa imeanza siku ya nane tangu warudi, na kama aliumwa usiku wowote kati ya ile minne, hesabu inaingia sawasawa.

Hapo ndipo alipolisema jambo lililomleta. Mtoto akapimwe leo, asubuhi hii.

Swali

Mama alimtazama mama mkwe wake. Baba alipigiwa simu, yuko Gongo la Mboto na bodaboda yake, akasema maneno mawili: "Muulizeni mama."

Bibi akauliza: "Na wakikuta hana?"

Mhudumu anakiri kwamba sekunde ile alitaka kujibu kama alivyofundishwa: kama hana, ni heri, tutashukuru Mungu. Akajizuia, kwa sababu bibi hakuwa anatania. Akamwacha aendelee.

Wakati wa mvua za mwaka uliopita walimpeleka mjukuu huyuhuyu. Walitoka nyumbani saa moja, wakaonwa saa sita. Alitobolewa kidole, wakasubiri, wakaambiwa "hana malaria," wakapewa parasetamo, wakaondoka. Mtoto aliungua homa siku nne nyingine. Hakuna aliyewaambia alikuwa anaumwa nini, wala ingekuwaje kama homa isingeisha.

"Tulipata nini?" bibi akauliza. "Dawa ile dukani ipo. Hatukuhitaji kushinda pale."

Hili ndilo lililonikaa. Bibi hakuwa amekosea hesabu. Dar es Salaam si Kibiti. Hapa watoto wengi wenye homa hawana malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watoto 1,005 waliofika na homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara. Karibu kumi na moja kati ya kila mia walikutwa na malaria. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi ya hayo ni ya virusi, yanapona yenyewe.

Kwa hiyo jibu ambalo familia nyingi za jiji hili hupewa ni "hana." Tumewaambia watu mara elfu kwamba si kila homa ni malaria, waende wakapime. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo, yaani baada ya kupimwa na kukutwa huna kinafuata nini, tumeiacha mikononi mwa mhudumu aliyechoka dirishani, mwenye foleni ya watu arobaini. Naamini hapo ndipo watu wanapopotelea. Wanakuja mara moja, wanapewa "hana" iliyo tupu, na safari ya pili wanaishia dukani.

Mhudumu alimjibu hivi, na nimeyaandika kama alivyonisimulia:

"Bibi, wakikuta hana, kazi ndiyo inaanza. Msitoke pale. Mwambieni aliyewapima: mtazame masikio, mtazame koo, mhesabu pumzi, mwulize mkojo. Kisha muulize mambo matatu. Mmeona nini? Nyumbani tumfanyie nini? Tukiona nini turudi? Na homa ikifika siku ya tatu tangu leo haijaisha, mnarudi, hata kama mliambiwa hana."

Alikata kipande cha karatasi, akaandika hayo matatu kwa herufi kubwa, akampa mama.

Sindano

Nilidhani, nikimsikiliza, kwamba hapo bibi alikubali. Hakukubali. Kulikuwa na jambo chini yake.

Miaka mingi nyuma bibi alizika mtoto. Alipata degedege, wakamfukiza, wakamwita fundi, baadaye wakampeleka hospitali akachomwa sindano, na usiku uleule akafa. Wazee walimwambia alichokwisha kukisikia tangu msichana: mwenye degedege hachomwi sindano.

Ni imani ya zamani katika pwani hii, na ukiitazama kwa haki haikutoka hewani. Waliofikishwa hospitali walikuwa wale ambao mengine yote yameshindikana, wakapewa sindano kwa sababu hali ilikuwa mbaya, wakafa kwa sababu walichelewa. Aliyeshuhudia hayo mara tatu ataona sindano na kifo vikifuatana.

Mhudumu hakumweleza hayo. Alimpa pole. Walikaa kimya kidogo. Kisha akatoa mkobani kibao kitupu cha kipimo, kile cha plastiki chenye urefu wa kidole, akamwekea kiganjani.

"Hiki ndicho kipimo. Kidole kinadonolewa, linachukuliwa tone moja dogo, linawekwa kwenye kijishimo hiki. Hakuna kitu kinachoingia mwilini mwake."

Bibi akakigeuzageuza.

"Na wakimkuta nayo?"

"Akiwa kama alivyo sasa, anakunywa na anakujua, anapewa vidonge. Sindano ni ya yule aliyezidiwa. Mimi nakuomba twende leo ili asifike huko kwenye sindano."

Kimya.

"Na wewe uje naye, bibi. Umpakate wewe."

Hofu ambayo ilikuwa inamfunga mtoto ndani ikawa sababu ya kumtoa. Bibi alisimama, akatafuta kanga ya kutokea.

Nimejiuliza sana kama alikuwa sahihi kumwahidi vidonge kabla ya kipimo. Nafikiri alikuwa sahihi kwa sababu ahadi ilikuwa na sharti lake ndani: "akiwa kama alivyo sasa." Angesema "hatachomwa sindano" bila sharti, na mtoto abadilike njiani, bibi asingemsikiliza tena maisha yake yote.

Mstari hafifu

Aliwaandikia fomu ya rufaa yenye mambo manne tu: homa siku tatu, safari ya Kibiti, nusu kidonge cha dawa mseto mara mbili, parasetamo saa kumi na moja. Karatasi hiyo ilifanya kazi kuliko maelezo, maana mtoto alifika zahanati akiwa hana joto, na bila hiyo angeweza kurudishwa.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Muuguzi alipangusa kidole, akaacha kikauke, kwa sababu spiriti ikichanganyika na damu inaharibu. Akadonoa pembeni mwa ncha ya kidole, akachukua damu kiasi cha mikrolita tano, akaweka kwenye kijishimo chake, kisha matone ya kimiminika kwenye kijishimo cha pili. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti na hutofautiana kwa kila aina. Ukikariri ya pakiti ya jana unaweza kukosea ya leo. Muda wa kusubiri nao umeandikwa hapo, na kwa aina nyingi ni dakika 15 hadi 20. Ukisoma mapema mstari unaweza kuwa haujatokea. Ukikisahau mezani ukakisoma baada ya saa mbili, unaweza kuona mstari usio wa kweli.

Mstari wa kwanza, wa C, unaonyesha kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo kimeharibika na kinarudiwa. Wa pili, wa T, ndio wa malaria.

Wa C ulitoka mwekundu. Wa T ulitoka kama umechorwa kwa penseli iliyochoka.

Mama akasema, "Kidogo tu, eti?" Muuguzi akamjibu kwamba mstari hafifu ni mstari. Weusi na uhafifu wake havipimi ukali wa ugonjwa.

Aliuliza pia kama mtoto huyu alitibiwa malaria katika wiki chache zilizopita. Kipimo hiki hutafuta protini ya kijidudu, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona. Jibu lingekuwa ndiyo, ingebidi damu iangaliwe kwa hadubini. Aliyetumia dawa mwezi uliopita ni kaka yake. Huyu alikuwa amepata zile nusu mbili tu, za jana.

Dozi ya kwanza ilitolewa palepale, saa tano asubuhi, kidonge kimoja kilichosagwa, baada ya kikombe cha maziwa. Dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikikutana na mafuta tumboni. Baada ya dakika kumi mtoto akaitapika juu ya kanga ya bibi.

Wangekuwa nyumbani, dozi hiyo ingehesabiwa. Ikitapikwa ndani ya nusu saa, inarudiwa, na muuguzi akatoa kidonge kingine cha kufidia ili viwe sita kamili tumboni. Cha pili saa moja usiku, yaani baada ya saa nane. Kisha asubuhi na jioni, siku mbili.

Siku ya nne mhudumu alipita kuangalia ganda. Lilikuwa tupu. Bibi akamletea na vile vitatu vya kabatini, amevifunga kwenye kipande cha gazeti.

Mjukuu mwingine

Wiki tatu baadaye bibi alikwenda zahanati mwenyewe, bila kuitwa, na mjukuu mwingine, mtoto wa binti yake. Mwaka mmoja na nusu, homa siku mbili, hajasafiri popote.

Walisubiri. Kidole, tone, dakika kumi na tano. Mstari mmoja.

"Hana malaria, bibi," akaambiwa.

Bibi hakuinuka. Alifungua fundo la kanga, akatoa kile kipande cha karatasi, akampa muuguzi akisome, kwa sababu yeye hasomi bila miwani. Muuguzi alikisoma, akamtazama, akachukua taa. Sikio la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa linatoa usaha, kidogo, ndani kabisa, mahali ambapo usingeona ukimpakata tu.

Alipewa amoksilini ya siku tano, na akafundishwa kukausha sikio kwa kitambaa laini cha pamba kilichosokotwa kama utambi: kiingie, kikae mpaka kilowe, kitolewe, kingine, mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Pamba ya kijitini isitumike, wala mafuta yasitiwe.

Jioni hiyo mhudumu alimkuta barazani amechana khanga kuukuu vipande vyembamba, anavisokota kimoja kimoja na kuvipanga kwenye sahani.

"Mwanangu," akamwita, "huu unene unatosha, au nipunguze?"